Karatasi ya kuruhusiwa ya mtoto aliyetoka malaria kali: kuirahisisha bila kuangusha kitu

*“Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wodi ya watoto, hospitali ya wilaya. Mama akiruhusiwa na mtoto wake tunampa karatasi ambayo hata mimi huisoma mara mbili. Nikiiandika kwa Kiswahili cha kawaida, daktari anasema nimeacha vitu. Nikivirudisha vyote, inakuwa ileile ya mwanzo. Nimeambatisha ya mtoto wa miaka miwili na nusu, kilo 12, aliyetoka malaria kali. Nifanyeje isomeke na isipoteze kitu?”*

Nzuri, dada. Wewe na daktari wako mnavutana kwa sababu mmoja anaangalia lugha na mwingine anaangalia dozi, na hakuna aliyeorodhesha mambo ambayo karatasi imeyabeba. Anza na orodha hiyo kabla hujagusa sentensi hata moja. Nainukuu karatasi yenyewe ili na wasomaji wengine watufuate:

> Mgonjwa alilazwa kwa malaria kali iliyoambatana na upungufu mkubwa wa damu. Amepatiwa artesuneti kwa njia ya mshipa na kuongezewa damu. Aendelee na dawa mseto (ALu 20/120 mg) kidonge 1. Dozi ya kwanza imetolewa wodini saa 4 asubuhi, ya pili baada ya saa 8, kisha kila baada ya saa 12 hadi kukamilisha dozi 6, pamoja na mlo wenye mafuta. Parasetamoli ya maji 120 mg/5 ml, 5 ml kila baada ya saa 6 iwapo ana homa, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Madini ya chuma nusu kidonge kwa siku kwa miezi 3, kuanzia baada ya kumaliza ALu. Choo kinaweza kuwa cheusi. Ahudhurie kliniki siku ya 7, 14 na 28 kwa kipimo cha hemoglobini kutokana na uwezekano wa hemolisisi ya kuchelewa. Arudi haraka iwapo kuna dalili za hatari, homa kurejea au mkojo kuwa mweusi.

Ichapishe, shika kalamu, na kila unapokutana na jambo ambalo likikosewa mtoto anaweza kuumia, liwekee namba pembeni. Nguvu ya dawa ni namba moja. Idadi ya vidonge, nyingine. Kwamba dozi ya kwanza imeshatolewa, nyingine, na ni ya kuogopwa, maana mama asipoijua anaweza kufika nyumbani akaanza upya. Neno “iwapo” kwenye parasetamoli lina namba yake, na “isizidi” ina yake. Kwa kipande hiki kifupi utavuka ishirini. Hizo namba ndizo utakazomwonyesha daktari mwishoni: kila moja iwe imeonekana mahali fulani kwenye karatasi mpya, hata kama imehamishwa, imegawanywa au imesemwa kwa maneno mengine kabisa.

Ukimaliza kuhesabu utagundua jambo jingine. Lugha nzito huficha mapengo, na ukianza kuisema kwa sentensi fupi mapengo yanatokeza. Karatasi hii inasema mtoto akiwa na homa apewe parasetamoli, halafu chini inasema homa ikirejea arudi haraka. Sasa mama afanye lipi? Ampe dawa ya maji au apande bodaboda? “Siku ya 7” inahesabiwa tangu lini, tangu sindano ya kwanza au tangu leo? “Dalili za hatari” ni zipi? Na akitapika kidonge? Karatasi haisemi neno.

Hapo wauguzi wengi wenye uzoefu hujaza majibu wenyewe, kwa sababu wanayajua. Usifanye hivyo. Andika maswali manne kwenye kipande cha karatasi, mpelekee daktari, akujibu na atie sahihi. Kurahisisha lugha ni kazi yako. Kuongeza agizo la tiba ni kazi ya aliyemtibu. Tuseme amekujibu hivi: homa ya leo hadi Alhamisi apewe parasetamoli, ila homa inayokuja kuanzia Ijumaa, dawa ikiwa imekwisha, arudi siku hiyohiyo, kliniki ihesabiwe tangu leo, dalili za hatari amezitaja moja moja, na kidonge kikitapikwa kabla ya nusu saa kirudiwe. Angalia jibu hilo la mwisho linavyozaa tatizo jipya. Mama ameondoka na vidonge vitano kamili. Akirudia kimoja, cha mwisho hakitakuwepo. Kwa hiyo agizo la kurudia haliwezi kuandikwa bila kumwambia aje achukue kingine.

Sasa tuje kwenye saa, maana ndipo karatasi nyingi za Kiswahili zinapoharibikia. Ukiandika “dozi ya pili baada ya saa 8”, mama anayesoma haraka, au jirani anayemsomea, anaona saa nane. Saa nane ni mchana. Kidonge alichopewa saa nne asubuhi kitafuatwa na kingine baada ya muda mfupi wa nusu ya ule uliotakiwa. Vivyo hivyo “kila baada ya saa 6” inageuka kuwa saa sita, na “kila baada ya saa 12” inaponea chupuchupu kwa sababu tu saa kumi na mbili ipo asubuhi na jioni.

Dawa yake ni kumfanyia mama hesabu yote. Kidonge cha kwanza kilikuwa saa nne asubuhi, ongeza muda unaotakiwa, unapata saa kumi na mbili jioni. Kuanzia hapo ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni hadi Alhamisi. Hakuna tena “kila baada ya”, kuna siku na saa. Andika saa kwa maneno, na kama mama anatumia simu kukumbuka, muulize simu yake inaonyesha vipi, umwandikie pembeni 18:00 au 6:00 kama anavyoiona kwenye kioo. Mfumo wenu wa kompyuta ukichapisha 18:00 peke yake, mwingine ataisoma kuwa saa kumi na nane na atacheka, lakini kidonge hakitatolewa.

Kwenye parasetamoli huwezi kutaja saa, kwa kuwa hujui homa itapanda lini. Hapo mimi huandika “masaa sita”. Najua walimu wa Kiswahili watanikunjia uso, lakini mtaani “masaa sita” ni muda na “saa sita” ni adhuhuri, na karatasi hii haiendi kusahihishwa na mwalimu. Afadhali zaidi ni kuongeza mfano mmoja: ukimpa saa mbili usiku, usimpe tena kabla ya saa nane usiku.

Dawa hiyohiyo ina mtego mwingine kwenye 120 mg/5 ml. Ni namba ya kwanza ambayo mtu hutamani kuifuta akirahisisha, maana mama hataijua ni nini. Lakini madukani ziko chupa za parasetamoli zenye nguvu ya 250 mg kwenye mililita zilezile tano. Mama akimaliza chupa yenu akanunua nyingine na kuendelea na 5 ml, amezidisha dozi zaidi ya mara mbili bila kukosea maelekezo hata kidogo. Kwa hiyo namba inabaki, ila inapewa kazi: “kipimo hiki ni cha chupa hii tu; ukinunua nyingine, mwonyeshe muuza dawa karatasi hii, aangalie kama imeandikwa 120 mg kwa 5 ml.” Na usiandike kijiko. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano, weka alama ya kalamu kwenye mstari wa 5, na atumie hilo kila mara.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini kuliko yote ni weusi. Karatasi inataja vitu viwili vyeusi. Kimoja hakina shida: madini ya chuma hufanya kinyesi kiwe cheusi. Kingine ni cha hatari sana: mkojo mweusi. Watoto waliotibiwa kwa sindano za artesuneti, baadhi yao, kuanzia kama wiki moja hadi wiki nne baadaye, chembe nyekundu za damu huanza kuvunjika kwa wingi, wakati ambao malaria yenyewe ilishakwisha; ndiyo “hemolisisi ya kuchelewa” ya karatasi. Damu inashuka tena, mtoto anapauka, anachoka, macho yanaweza kuwa ya njano, na mkojo unakuwa na rangi ya kola. Ndiyo maana ya zile kliniki tatu. Sasa mtoto huyu anaanza madini ya chuma Ijumaa, na atakuwa anayanywa katika wiki hizohizo.

Karatasi imeandika “choo kinaweza kuwa cheusi”. Kwa watu wengi choo ni kikubwa na kidogo, vyote ni choo. Mama aliyeambiwa asiogope choo cheusi ana kila sababu ya kukaa nyumbani siku mkojo utakapobadilika, na atakuwa ametii. Hapa heshima ya lugha iwekwe kando. Andika kinyesi, andika mkojo, viweke karibu kwa karibu ili tofauti ionekane, na usitumie neno “cheusi” kwa vyote viwili. Mkojo huo mara nyingi si mweusi kama mkaa. Ni kama kola, au chai ya rangi iliyokolea sana. Halafu mwambie jinsi ya kuuona, kwa sababu mtoto wa umri huu wengine wanamvalisha pampasi na wengine anakojoa uwanjani. Kila asubuhi akojoe kwenye poti au beseni jeupe. Bila sentensi hiyo, onyo zima linabaki kwenye karatasi.

Kuna nyongeza ndogo ambayo ningemshauri daktari aikubali. Mtoto aliyepungukiwa damu, ndugu watamletea juisi ya bitiruti. Bitiruti inaweza kutia mkojo wekundu. Ama ambiwe asipewe katika wiki hizi nne, ama mama ajue kwamba akiona mkojo umebadilika aje tu, asianze kubahatisha kama ni bitiruti au la.

“Homa” nayo ina utata wake. Kwa daktari ni joto la mwili. Nyumbani, homa ni malaria, ni mafua, ni kuumwa kwa ujumla. Andika “mwili ukichemka”, na kama familia ina kipimajoto ongeza 37.5 au namba anayotumia daktari wenu. Kupauka nako usikuache hivihivi. Uso haukuonyeshi kitu kwa haraka. Mwambie atazame viganja vya mtoto na avilinganishe na vyake mwenyewe, kwenye mwanga wa mchana.

Baada ya hayo, karatasi yenyewe inakuja hivi:

> Mama, mtoto wako alikuwa na malaria kali na damu yake ilipungua sana. Tumemchoma sindano za malaria (artesuneti) na tumemwongezea damu. Yaliyobaki utayafanya nyumbani.
>
> Dawa ya malaria: mseto, ALu 20/120. Kidonge cha kwanza ameshakunywa hapa wodini, leo Jumanne saa nne asubuhi. Una vidonge vitano. Kila mara mpe kimoja:
> Leo Jumanne: saa kumi na mbili jioni.
> Jumatano: saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni.
> Alhamisi: saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili jioni.
> Mpe pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au uji wa karanga. Hata akionekana amepona, endelea. Alhamisi usiku pakiti iwe tupu. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe kingine, kisha njoo tukupe cha kufidia. Akikitapika na hicho, mlete.
>
> Dawa ya mwili kuchemka: parasetamoli ya maji, 120 mg kwa 5 ml. Mpe tu mwili ukichemka, leo hadi Alhamisi. Vuta hadi kwenye alama tuliyokuwekea kwenye bomba (5 ml). Ukishampa, yapite masaa sita ndipo umpe tena: ukimpa saa mbili usiku, usimpe kabla ya saa nane usiku. Usiku na mchana kwa pamoja, isizidi mara nne. Kipimo hiki ni cha chupa hii tu. Ukinunua nyingine, mwonyeshe muuza dawa karatasi hii.
>
> Dawa ya kuongeza damu: madini ya chuma. Usianze leo. Anza Ijumaa, mseto ukiwa umekwisha. Nusu kidonge, mara moja kwa siku, kila siku kwa miezi mitatu. Kinyesi chake kitaweza kuwa cheusi. Ni hiyo dawa, usiache kumpa. Lakini dawa hii haibadilishi mkojo. Weka vidonge mahali watoto hawafiki. Akimeza vingi ni sumu.
>
> Mlete hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, ukiona lolote kati ya haya:
> Mkojo umekuwa kama kola au chai ya rangi iliyokolea. Kwa wiki nne, kila asubuhi akojoe kwenye poti au beseni jeupe, uutazame.
> Viganja vimepauka kuliko vyako, au weupe wa macho umekuwa wa njano.
> Anapumua kwa shida au kwa haraka sana.
> Hanywi wala hanyonyi, au anatapika kila kitu.
> Degedege: mwili unakakamaa au kutikisika, macho yanageuka.
> Amelegea sana, au haamki vizuri.
> Mwili ukichemka kuanzia Ijumaa na kuendelea, mlete siku hiyohiyo.
>
> Kurudi kupimwa damu, hata kama anacheza vizuri: Jumanne ijayo tarehe ____, Jumanne inayofuata tarehe ____, na Jumanne tarehe ____ (wiki nne tangu leo). Sindano alizochomwa zinaweza kufanya damu ipungue tena baadaye. Tunataka kuiona mapema.

Umeona ni ndefu kuliko ya kwanza. Acha iwe ndefu. Wakubwa wenu watataka iingie nusu ukurasa, na kitu cha kwanza kitakachokatwa kitakuwa poti jeupe. Ukilazimika kupunguza, punguza maelezo ya ugonjwa pale juu, ambayo mama ameshayasikia wodini.

Baadhi ya sentensi humo hazikuwa kwenye karatasi ya mwanzo: kutapika, Ijumaa, poti, sumu ya vidonge. Kila moja iwe na idhini ya daktari pembeni ya orodha yako, la sivyo itoke. Pia sijaandika rangi ya kidonge chochote, kwa makusudi. Mseto wa kiwanda hiki na wa kile havifanani, na stoo ikibadilisha msambazaji, karatasi yako itamwambia mama atafute kidonge ambacho hana.

Sasa ukaguzi. Mpe muuguzi mwenzako ambaye hajaiona ya mwanzo, akae na hii ya Kiswahili rahisi peke yake, aandike upya maagizo kwa lugha ya wodini: dawa, nguvu, dozi, muda, mwisho. Alichoandika kikilingana na orodha yako ya namba, daktari hana tena cha kulalamikia. Kisipolingana, kosa liko kwenye sentensi iliyompotosha, na utaiona mara moja. Njia hii inashinda kuisoma mwenyewe mara kumi, kwa sababu wewe unajua ulichotaka kusema.

Halafu mama. Usimuulize kama ameelewa, atasema ameelewa; amechoka, anataka kwenda nyumbani, na hapendi kumkatalia nesi. Muulize mambo ambayo jibu lake ni kitendo. “Mama Fulani, leo ukifika nyumbani, kidonge utampa saa ngapi?” Akisema saa nane, unajua pa kurudi. “Nionyeshe kwenye bomba utavuta mpaka wapi.” Na hili usiliache: “Wiki ijayo ukiona mkojo wake umekuwa kama kola, utafanya nini?” Akikujibu kwamba ni ile dawa ya kuongeza damu, basi zile sentensi mbili za kinyesi na mkojo bado hazijakaa sawa, zibadilishe kabla mama wa pili hajapewa. Kama nyumbani anayetoa dawa ni bibi wa mtoto, mpigie simu akiwa hapo, mama amweleze wewe ukisikiliza. Utasikia kinachoanguka njiani.

Karatasi ya daktari usiitupe wala kuibadilisha. Zibane pamoja, yako juu, ya daktari chini. Mtoto akizidiwa akiwa safarini na kupelekwa kituo kingine, mganga wa huko atahitaji kuona neno artesuneti, kwamba aliongezewa damu na dozi zilivyoagizwa, na mama hatakiwi kukumbuka hayo kwa kichwa.